Uganda na 0.93: kipimo cha mgawanyiko wa makabila kinahesabu nini, na kinapotosha wapi

Ukifungua majedwali ambayo wanazuoni wa siasa huyatumia kulinganisha nchi kwa wingi wa makabila, Uganda utaikuta juu kabisa. Mwaka 2003 yalichapishwa majedwali mawili ya namna hiyo, moja la James Fearon wa Chuo Kikuu cha Stanford na jingine la Alberto Alesina na wenzake. Yote mawili yaliipa Uganda 0.93, katika kipimo kinachoanzia 0 na kisichofika 1. Tangu hapo namba hiyo imenakiliwa katika tafiti nyingi, na msomaji huachwa aamini kwamba ndani yake kuna sababu ya mapinduzi, vita na umaskini ambao nchi hii imepitia. Sivyo. Namba hiyo inajibu swali moja dogo sana, na mtu akishaijua hesabu yake mwenyewe ataona mipaka yake bila kuambiwa.

Swali lenyewe ni hili: ukiwachukua wakaazi wote wa Uganda, ukachagua wawili bila kuangalia ni nani, kuna uwezekano gani kwamba watatoka makabila mawili tofauti? Nchi yenye kabila moja tu ingepata 0, kwa kuwa jozi yoyote ingekuwa ya watu wa kabila moja. Uganda ikipata 0.93 maana yake ni kwamba katika kila jozi 100 utakazochagua hivyo, jozi 93 hivi zitakuwa za watu wa makabila tofauti. Basi. Hakuna zaidi ya hapo ndani ya namba hiyo.

Hesabu inafanywa kwa kuanzia upande wa pili, yaani kutafuta kwanza uwezekano wa kuwapata wawili wa kabila moja. Katika sensa ya mwaka 2014 Baganda walikuwa asilimia 16.5 ya watu wote. Uwezekano wa mtu wa kwanza kuwa Muganda ni 0.165, na wa mtu wa pili ni 0.165 vilevile, hivyo wote wawili kuwa Baganda ni 0.165 mara 0.165, ambayo ni kama 0.027. Unafanya hivyo kwa kila kabila, unajumlisha, kisha unatoa jumla hiyo katika 1:

```
F = 1 - (p1² + p2² + p3² + ... + pn²)
```

Herufi p ni sehemu ya kila kabila katika watu wote. Sasa tuifanye ya Uganda. Baada ya Baganda, sensa hiyo ya 2014 iliwapa Banyankole asilimia 9.6, Basoga 8.8, Bakiga 7.1, Iteso 7.0, Langi 6.3, Bagisu 4.9, Acholi 4.4 na Lugbara 3.3. Ukizidisha kila sehemu kwa yenyewe na kujumlisha zote tisa, unapata 0.0635. Lakini makabila hayo tisa ni asilimia 67.9 tu ya watu. Asilimia 32.1 iliyobaki, karibu theluthi ya nchi, imewekwa katika mstari mmoja wa jedwali wenye neno moja: wengine.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na kosa lenyewe ni rahisi kulifanya. Ukiuchukua mstari huo wa wengine kana kwamba ni kabila moja kubwa, unazidisha 0.321 kwa 0.321 na kupata 0.103. Jumla inapanda hadi 0.167, na kipimo kinashuka hadi 0.83. Umelitengeneza kwa kalamu kabila kubwa kuliko Baganda, ambalo ndani yake Alur, Batoro, Bakonzo, Karimojong na Samia wanahesabiwa kuwa ndugu wa damu. Ukifanya sawasawa, unakumbuka kwamba kila kabila lililofichwa katika mstari huo halikuzidi kiasi cha Lugbara, yaani asilimia 3.3. Hata kama yote yangekuwa makubwa kiasi hicho, mchango wao wote kwa pamoja usingepita 0.011. Kwa hiyo kipimo kiko mahali fulani kati ya 0.926 na 0.936, na hiyo 0.93 ya majedwali inathibitika kwa kalamu na karatasi. Ukikutana na namba ya Uganda iliyo chini sana ya hapo, jambo la kwanza kukagua ni jinsi mwandishi alivyoushughulikia mstari huo.

Kutokana na hesabu hii jambo jingine linaonekana mara moja. Sehemu ndogo ikizidishwa kwa yenyewe inakuwa ndogo mno. Baganda peke yao wanachangia 0.027, na Lugbara 0.001. Kwa hiyo ukiligawa kabila dogo mara mbili au mara tano, kipimo hakishtuki. Katiba ya mwaka 1995 iliorodhesha jamii za asili 56, na marekebisho ya 2005 yakaifikisha orodha hiyo kwenye 65. Aringa wa Yumbe, kwa mfano, sasa wana nafasi yao mbali na Lugbara. Kwa jamii husika hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu orodha hiyo ndiyo inayotumika kuamua nani ni raia kwa kuzaliwa. Kwa kipimo ni kama halikutokea.

Kinachokisukuma kipimo ni kuyaunganisha makundi makubwa, na uamuzi huo haumo katika hesabu. Mtafiti anaufanya kabla hajashika kikokotoo. Banyankole na Bakiga wanasikilizana lugha bila shida, na katika mazungumzo ya siasa mjini Kampala mara nyingi wanatajwa pamoja na Batoro na Banyoro kwa jina moja, watu wa magharibi. Watu wa Acholi, Lango na West Nile nao huitwa watu wa kaskazini. Tukiifuata lugha hiyo ya mitaani na kuigawa nchi kwa kanda nne za sensa ya 2014, tunapata Kati asilimia 27.5, Mashariki 26.1, Magharibi 25.6 na Kaskazini 20.8. Kipimo kinakuwa 0.75. Tukipanda ngazi moja zaidi na kusema kuna wasemaji wa lugha za Kibantu, ambao ni karibu theluthi mbili ya watu, na wasemaji wa lugha nyingine, kipimo kinaanguka hadi 0.44. Nchi ni ile ile na watu ni wale wale, hakuna aliyehama wala kuzaliwa, na tumetoka 0.93 hadi 0.44. Hakuna namba kati ya hizo tatu iliyo ya uongo. Kila moja inajibu kwa kufuata orodha iliyopewa.

Na orodha za kwanza zilitoka mbali. Kwa miaka mingi namba zilizotumiwa na watafiti zilitokana na atlasi ya mataifa ya dunia iliyotolewa Moscow mwaka 1964, iliyotayarishwa na wataalamu wa Kisovieti ambao aghalabu waliwapanga watu kwa lugha. Ndiyo iliyotumiwa na William Easterly na Ross Levine mwaka 1997 katika utafiti wao mashuhuri, waliodai kwamba wingi wa makabila ulichangia kuifanya Afrika ikue polepole kiuchumi. Kwa Uganda atlasi hiyo ilitoa kama 0.90, si mbali na hesabu yetu. Lakini vuka mpaka wa Katuna uingie Rwanda. Kwa kuwa Wahutu na Watutsi wanasema lugha moja, atlasi iliwaweka pamoja kama Wanyarwanda, na nchi ikapata kipimo cha chini kabisa, kama nchi ambayo karibu kila mtu ni wa kundi moja. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi kuliko huu jinsi orodha ya lugha inavyoweza kutoiona kabisa siasa ya makundi.

Tuteremke sasa kutoka kwenye majedwali hadi mlangoni kwa mtu. Karani wa sensa anafika nyumba moja Bombo, mji wa Wanubi kaskazini ya Kampala, ambako Kinubi na Kiswahili husikika kila siku. Anauliza kabila la mwenye nyumba, na fomu ina nafasi ya jibu moja tu. Wanubi wa Uganda chimbuko lao ni askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, waliotoka Sudan mwishoni mwa karne ya 19, lakini jamii hiyo ilikua kwa watu kuingia ndani yake: mtu wa Kakwa, Lugbara au Alur akishika Uislamu, akahamia mjini, akaoa humo na kusema Kinubi, watoto wake walikuwa Wanubi. Enzi za Idi Amin kujiita Mnubi kulifungua milango. Alipoangushwa mwaka 1979, jina hilo hilo likawa hatari, na ikawa salama zaidi kurudi kwenye kabila la babu. Hesabu ya p inadai kwamba kila mtu ana kabila moja, kwamba ni lile lile katika kila sensa, na kwamba halibadiliki kwa sababu ya nani yuko Ikulu. Bombo inaikatalia madai yote matatu. Vivyo hivyo kwa kijana wa Kampala ambaye baba ni Mukiga, mama ni Muganda, na nyumbani wanasema Luganda. Fomu humpeleka kwa baba, ingawa shuleni na sokoni anaishi kwa mama.

Tukiacha orodha, kuna tatizo lililo ndani ya kanuni yenyewe. Kipimo kinaangalia ukubwa wa makundi na hakiangalii kitu kingine. Chukua nchi yenye makundi mawili, kila moja nusu ya watu: kipimo ni 0.5. Chukua nyingine yenye kundi moja la asilimia 70 na makundi 30 madogo ya asilimia moja moja: hesabu inatoa 0.507. Nani angesema siasa za nchi hizo mbili zinafanana? Katika ya kwanza kila uchaguzi ni mashindano ya pande mbili zinazolingana. Katika ya pili kuna mwenye nyumba mmoja na wapangaji wengi. Ndiyo maana mwaka 2005 José Montalvo na Marta Reynal-Querol walipendekeza kipimo kingine, cha kukabiliana, kinachofika juu kabisa pale nchi inapogawanyika nusu kwa nusu. Kwa makabila ya sensa ya 2014, Uganda inapata kama 0.24 tu katika kipimo hicho, kwa kuwa hakuna kundi linalokaribia nusu. Yaani nchi inayoongoza kwa mgawanyiko iko chini kwa kukabiliana. Lakini ukiingiza zile kanda nne badala ya makabila, inaruka hadi 0.75. Kipimo kipya kimeondoa kasoro moja, ila bado kinasubiri mtu akiambie makundi ni yapi.

Ukubwa wa kundi na uzito wake ni mambo mawili. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, jamii iliyokuwa chini ya asilimia moja ya watu. Maduka ya Kampala na Jinja, mashamba ya miwa, viwanda, vyote vilibadilisha mikono kwa miezi michache, na uchumi ukaporomoka. Asilimia moja ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.0001. Kuondoka kwao wote, pamoja na sehemu za wengine kuongezeka kidogo, kungekisogeza kipimo cha Uganda kwa 0.001 au 0.002 tu, na kungekisogeza kuelekea chini, kana kwamba nchi imekuwa na umoja zaidi kidogo.

Mahali nako hakumo. Kipimo kinachagua jozi zake kutoka nchi nzima, kana kwamba watu wote 34,634,650 wa sensa ile walikuwa wamepanda gari moja. Katika stendi ya teksi ya Kampala dhana hiyo inakaribia ukweli: abiria 14 wa gari moja wanaweza kutoka makabila manane. Kijijini Kitgum karibu kila utakayekutana naye njiani ni Acholi, na huko kipimo cha kijiji kingekuwa jirani na 0. Wengi wa Uganda bado wanaishi vijijini. Kwa hiyo 0.93 inaeleza makutano ambayo kwa watu wengi hayatokei, isipokuwa mjini, jeshini, katika shule za bweni na bungeni.

Na migogoro mikali mara nyingi iko katika makutano ya pale pale, si ya kitaifa. Mwaka 1962, nchi ikijiandaa kwa uhuru, Bakonzo na Bamba wa milima ya Rwenzori walikataa kutawaliwa na ufalme wa Toro, na chini ya Isaya Mukirane wakatangaza ufalme wao wa Rwenzururu. Mapambano yalidumu miaka. Serikali iliutambua ufalme huo mwaka 2009, na Novemba 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa Kasese, wengi wao vyombo vya usalama vilipolishambulia jumba la mfalme. Kwa kipimo cha kitaifa, Bakonzo na Batoro wote wamo katika mstari wa wengine. Hata ukiwaorodhesha, mchango wa kila mmoja hauzidi 0.001. Mtu anayetaka kuielewa Kasese lazima ahesabu wilaya kwa wilaya, na hata hapo atapata ukubwa wa makundi bila ugomvi wa ardhi, ushuru na taji uliowagonganisha.

Upungufu ambao mimi nauona mzito zaidi ni wa wakati. Mwaka 1966 jeshi la Milton Obote lilivamia Lubiri, jumba la mfalme wa Buganda, na Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza. Mwaka uliofuata katiba mpya ikafuta falme. Mwaka 1971 Amin alipindua serikali, na askari wa Acholi na Langi wakauawa kambini. Acholi na Langi hao hao, waliokuwa upande mmoja wa mauaji, walitengana Julai 1985 pale maofisa wa Acholi, Tito Okello na Bazilio Olara-Okello, walipompindua Obote aliyekuwa Langi. Januari 1986 NRA, jeshi la waasi la Yoweri Museveni, likaingia Kampala, na mizani ya nguvu ikahamia kusini na magharibi. Katika miaka hiyo 20 adui na rafiki walibadilishana nafasi mara kadhaa, na sehemu za makabila katika watu wote zilibaki karibu pale pale. Kitu kisichobadilika hakiwezi peke yake kueleza kitu kinachobadilika. Mtafiti anayeiweka 0.93 katika mlinganyo wake kwa 1965, 1975 na 1985 anaingiza namba moja kwa nchi tatu tofauti.

Mwanazuoni wa siasa Daniel Posner alilishika tatizo hili mwaka 2004 kwa kuzipitia nchi 42 za Afrika na kuhesabu makundi yanayoshindana kweli katika siasa ya taifa tu, muongo kwa muongo. Makabila yanayoingia siasani kwa pamoja aliyahesabu kama kundi moja, na yasiyoshiriki mashindano hayo aliyaacha nje. Tanzania, ambayo kwa kipimo cha zamani ilikuwa juu pamoja na Uganda, ilishuka sana. Njia hii naiona bora, lakini ina gharama yake: ili kujua kundi gani linashindana, lazima uisome siasa ya nchi kwanza, halafu namba inayotokana na usomaji huo inatumiwa kueleza siasa ile ile. Anayeitumia inabidi aonyeshe kwamba hakuchagua makundi kwa kuangalia nani alipigana.

Kilichobaki ni swali ambalo hakuna namba ya aina hii inayoweza kuligusa: watu wa makabila tofauti wakikutana, kinatokea nini? Posner, James Habyarimana, Macartan Humphreys na Jeremy Weinstein walikwenda kulijibu Kampala, katika mitaa ya Mulago na Kyebando, wakiwa na washiriki 300 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Waliwaonyesha washiriki picha za wenzao na kuwauliza ni wa kabila gani, nao wakakosea mara nyingi, ingawa wote wanaishi mji mmoja na wengi wao mtaa mmoja. Kisha wakawapa sarafu wagawane na wengine. Pale mgawaji alipofichwa asijulikane, hakumpendelea mtu wa kabila lake. Mgeni na ndugu walipata sawa. Tofauti ilijitokeza mgawaji alipojua kwamba anaonekana, na kwa watu wa aina moja: wale ambao wakifichwa walijiwekea kila kitu. Hao, walipoonekana, walimpa zaidi mtu wa kabila lao. Maelezo ya watafiti ni kwamba walichunga jina lao mbele ya watu wanaoweza kuwafikia na kuwadai wema. Katika jaribio jingine, mtu aliyetumwa kumtafuta mkaazi fulani wa Kampala alifanikiwa zaidi kama wote wawili ni wa kabila moja, kwa sababu alijua amuulize nani.

Kwa hiyo barabara ya mtaa isipotengenezwa, au taka zisipozolewa, huenda sababu haimo katika chuki kati ya kabila na kabila. Huenda ni kwamba anayekwepa kuchangia anajua jirani wa kabila jingine hana njia ya kumfikia kupitia ndugu zake. Mitaa miwili yenye 0.93 ile ile inaweza kutofautiana kabisa hapo, kutegemea kama kuna msikiti, chama cha kuweka akiba au kamati ya LC1, yaani baraza la mtaa, inayowafahamu wote na yenye uwezo wa kumwita mtu kwa jina.